Ukuta wa mawe wenye mianya ya kivuli: upange makavu, ufiche saruji au ubandike?

Picha zinazosambaa zinafanana: mawe makubwa na madogo yamechanganyika, kozi, yaani safu za mawe, zinaanza na kukatika bila mpangilio wa rula, kati ya jiwe na jiwe kuna ufa mweusi, na rangi inacheza kutoka kijivu hadi kahawia yenye kutu. Ambacho picha haisemi ni jinsi ukuta huo ulivyosimama. Sura hiyohiyo hupatikana kwa njia tatu: kupanga mawe makavu bila saruji kabisa, kujenga kwa saruji kisha kuificha nyuma ya uso, au kubandika vipande vyembamba vya mawe juu ya ukuta wa bloku au zege. Kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Mvua kubwa ya kwanza huzitofautisha vizuri sana.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue kazi moja. Kiwanja kiko kwenye mteremko, tuseme Mwanza, ambako mawe ya granaiti yametapakaa vilimani na mvua huja kwa misimu miwili. Unahitaji ukuta wa mita 10 kwa urefu, unaoshikilia udongo wa kimo cha mita 1.2. Juu yake kuna bustani ndogo, chini yake kuna baraza ya kukaa. Hakuna gari wala nyumba karibu na ukingo wa juu. Hesabu zote hapa chini ni za ukuta huo.

Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza ni kazi ya ukuta. Ukuta unaoshikilia udongo na ukuta wa kupendezesha tu ni vitu viwili tofauti, hata kama mawe ni yaleyale.

Cha pili ni maji. Udongo mkavu husukuma ukuta kidogo. Udongo uliolowa na usio na pa kutolea maji husukuma zaidi ya mara mbili ya hapo. Kuta nyingi za kushikilia udongo huanguka kwa sababu maji yamenaswa nyuma yake, na ubora wa mawe hauna hatia yoyote.

Cha tatu ni kivuli na rangi, kwa kuwa ndivyo vilivyokuleta hapa. Mwanya wa kivuli hauhitaji upana mkubwa, unahitaji kina. Ufa wa milimita 10 wenye kina cha milimita 40 huonekana mweusi kabisa, ilhali ufa wa milimita 20 wenye kina cha milimita 10 huonekana kama mstari wa vumbi. Sisi tulio karibu na ikweta, jua la saa sita mchana hupita karibu sambamba na uso wa ukuta kutoka juu, kwa hiyo mianya ya kulala ndiyo inayokoza zaidi. Ukuta unaotazama mashariki hupoteza vivuli vyake asubuhi jua linapoupiga usoni, kisha hurudi kuvaa sura yake kadiri jua linavyopanda. Ukitaka kuamua mwanya uwe na kina gani, panga mawe kumi chini mahali penyewe uyaangalie saa tatu na saa sita.

Vingine ni kiasi cha mawe na vifaa, aina ya fundi anayehitajika, na namna ukuta unavyoharibika na kurekebishwa. Gharama sikuziandika kwa shilingi kwa sababu bei ya lori la mawe hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Ukiwa na kiasi cha vitu, bei ya kwenu utaijaza mwenyewe.

Njia ya kwanza: ukuta mkavu

*Kazi yake.* Ukuta huu husimama kwa uzito wake na kwa msuguano wa jiwe juu ya jiwe. Kanda ya Ziwa ina shahidi wake: Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori nchini Kenya, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Kuta zake hazina tone la udongo wa kuunganishia, na zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. Siri yake ni nyuso mbili za mawe, ya nje na ya ndani, zilizofungwa na tabaka la kati la mawe madogo yaliyokazwa. Kanuni hiyo haijabadilika hata leo.

Kwa ukuta wetu, upana wa chini uwe sentimita 70. Uso wa mbele uegemee nyuma, kwenye mlima, kwa sentimita 10 katika kila sentimita 60 za kimo, ili juu, ukihesabu na sentimita 20 za msingi, ubaki na upana wa sentimita 45 hadi 47. Msingi huchimbwa hadi udongo mgumu, angalau sentimita 20, na sakafu ya mtaro iinamishwe kidogo kuelekea mlimani ili mawe ya kwanza yasiwe na nia ya kuteleza mbele. Hakuna zege. Mawe makubwa kuliko yote huingia hapo chini, hata yale mazuri ya sura ambayo moyo unayatamania usoni.

Mita 1.2 ni kimo ambacho fundi makini anaweza kukifanya bila mchoro. Ukifika mita 1.5, au ukitaka kuegesha gari juu yake, mwite mhandisi. Shauri hilo linazihusu njia zote tatu.

*Maji.* Hapa ndipo ukuta mkavu unapowashinda wenzake. Maji hupita kwenye kila mwanya, hivyo hayapati nafasi ya kujikusanya. Lakini yakipita na udongo, miaka michache baadaye bustani ya juu itaanza kuzama na kufanya mashimo. Kwa hiyo nyuma ya ukuta jaza kokoto safi au mawe yaliyovunjwa kwa unene wa sentimita 30 (kama mita za ujazo 3.6 kwa kazi hii), na kati ya kokoto na udongo tandaza kitambaa cha kuchuja kinachopitisha maji. Magunia ya mbolea yenye nailoni ndani hayafai. Yanazuia maji, na hapo umejenga bwawa kwa gharama yako.

*Kivuli na rangi.* Vivuli ni vya kweli na vina kina kirefu, maana hakuna kitu ndani ya mwanya. Lakini kozi zisizo sawa hazimaanishi kupanga ovyo. Fundi mzuri huweka kila jiwe likilala kwa tumbo lake pana, urefu wake ukiingia ndani ya ukuta na ncha fupi ikibaki usoni. Kila jiwe hukalia mawe mawili na kila mawili hukaliwa na moja, ili mianya ya wima isifuatane. Kisha kila baada ya mita moja au mbili huingia jiwe lenye kimo cha kozi mbili; hilo ndilo linalovunja mstari na kuupa ukuta ule uhai wa picha. Ukiona ufa wa wima umepanda mawe matatu mfululizo, mwambie fundi abomoe hadi hapo. Ufa huo ndio utakaofunguka kwanza.

Kuhusu rangi, granaiti ina nyuso mbili. Ngozi ya nje iliyopigwa na jua na mvua ni ya kahawia au nyeusi yenye ukungu wa mawe, na tumbo lililopasuliwa ni la kijivu au la waridi hafifu. Ukuta unaojengwa kwa mawe yaliyopasuliwa tu huonekana mpya na mkali kwa miaka. Wa ngozi tupu huonekana mzito. Waambie wanaopasua wakuachie mawe yenye ngozi upande mmoja, na usianze kujenga kwa lori la kwanza kabla la pili halijafika. Ukijenga lori baada ya lori, mwishoni ukuta utakuwa na mabaka, kushoto kijivu na kulia kahawia, na hakuna dawa ya hilo.

*Mawe na vifaa.* Ujazo wa ukuta ni mita za ujazo 8 hivi. Karibu robo yake ni hewa, kwa hiyo mawe yenyewe ni tani 15, agiza 16 au 17. Ndani ya hizo unahitaji mawe marefu ya kufunga, yanayotoka usoni na kuingia angalau theluthi mbili ya upana. Yapange kwenye kimo cha sentimita 60, moja kila mita, na ukiyapata ya kutosha weka mstari wa pili karibu na juu. Hiyo ni mawe 10 hadi 20 yenye urefu wa sentimita 45 kwenda juu. Lori la kawaida haliji nayo, yachague mwenyewe machimboni kabla hayajapondwa kuwa kokoto.

*Fundi.* Hili ndilo gumu. Mwashi aliyezoea bloku hutegemea mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, kurekebisha makosa, na hapa hakuna mota. Fundi mzoefu na msaidizi wake hufanya mita za mraba 2 hadi 3 za uso kwa siku. Anayeahidi kumaliza zote 12 kwa siku mbili atamwaga kokoto katikati kwa koleo. Mawe ya kujaza lazima yapangwe kwa mkono, yawe na kona, na kila moja likazwe. Kokoto zilizomwagwa hushuka taratibu kila ukuta unapotikisika, zikifika chini hujisukuma na kuzitenganisha nyuso. Kumpima fundi ni rahisi: panda juu ya kozi aliyoimaliza utembee. Jiwe likicheza chini ya mguu, halijakazwa.

*Kuharibika na kurekebishwa.* Kasoro yake kuu ni tumbo, yaani uso kuvimba katikati. Sababu ni mawe ya kufunga kukosekana au ujazo kumwagwa. Funga uzi toka juu hadi chini ukifuata mwegemeo wa ukuta, upime kila msimu wa mvua unapoisha. Uvimbe usiobadilika kwa misimu miwili unaweza kuuacha. Unaokua unabomolewa sehemu hiyo na kujengwa upya kwa mawe yaleyale. Hakuna njia nyingine inayokupa nafasi hiyo. Upande mwingine wa shilingi ni kwamba mijusi, nge na nyoka hupenda mianya mirefu, na baraza yetu iko chini yake palepale. Pia uso wake ni ngazi: mtoto wa miaka mitano anaupanda, na mwizi vilevile.

Njia ya pili: saruji iliyofichwa

*Kazi yake.* Ukuta wa mawe ya kawaida uliojengwa kwa mota, isipokuwa mota inaishia sentimita 3 hadi 5 kabla ya uso. Nyuma ni kitu kimoja kigumu, mbele ni mianya. Kwa kuwa mawe yameshikamana, upana wa chini unaweza kushuka hadi sentimita 60 na wa juu 40, lakini sasa unahitaji msingi wa zege usiohama. Ukuta mkavu ukitulia sentimita mbili upande mmoja hujirekebisha wenyewe, huu utapasuka.

*Maji.* Umeziba njia zote, kwa hiyo lazima ufungue nyingine. Weka mabomba ya inchi 2, moja kila mita moja na nusu, yakitoboa ukuta mzima sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi ya mbele na kuinama kuelekea nje. Mita 10 zinahitaji mabomba 6 au 7. Nyuma, kokoto na kitambaa kama ilivyo kwa ukuta mkavu, bila punguzo. Uzuri wa mianya ya kivuli ni kwamba mdomo wa bomba unaweza kukatwa na kurudishwa ndani ya mwanya usionekane. Ila mwashi anayejaza mota huku akiangalia uso huliziba bomba bila kujua, basi kila jioni ingiza kijiti cha nondo kupitia kila tundu hadi kigonge kokoto za nyuma.

Ukiona unga mweupe unatiririka kwenye uso baada ya mvua, hiyo ni chumvi na chokaa vinavyobebwa na maji yanayopita ndani ya mota badala ya kwenye bomba. Kuosha kwa brashi kutaondoa dalili tu. Kagua mabomba kwanza.

*Kivuli na rangi.* Mafanikio yote yako kwenye saa ya kukwangua. Mota huwekwa ikiwa ngumu kiasi, isiyotiririka, na mwashi anaitandaza kuanzia nyuma akiacha ukingo wa mbele wazi. Baada ya saa moja hadi tatu, kulingana na jua, mota iliyosogea mbele hukwanguliwa kwa kijiti chenye ncha bapa hadi kina ulichokubaliana, kisha hupigwa brashi kavu. Dalili ya wakati sahihi ni kwamba mota inatoka kama unga wenye unyevu. Ikivutika kama ugali, bado. Ikihitaji tindo, umechelewa na utaacha makovu kwenye mawe.

Mwashi aliyefundishwa kupiga jointi atataka kuijaza mianya na kuipamba, maana kwake mwanya mtupu ni kazi isiyokwisha. Mkubaliane kabla, na njia bora ni kumjengea au kujengewa kipande cha mfano cha mita moja kwa mita moja ambacho kitabaki pale hadi kazi iishe. Kosa lingine la kawaida ni mawe kusimamishwa kwa ukingo, uso mpana ukitazama mbele, ili ukuta uende haraka. Mota inayashika leo, lakini jiwe la namna hiyo halina mkia ndani ya ukuta. Kagua kila jiwe kabla halijafunikwa na lingine: likiwa pana usoni kuliko linavyoingia ndani ya ukuta, lina mashaka.

Rangi ina hatari moja zaidi: maji ya saruji yaliyochuruzika. Kwenye granaiti ya kahawia huacha utando wa kijivu. Futa siku hiyohiyo kwa sponji na maji safi. Tindikali ya kusafishia huondoa utando pamoja na ngozi ya kutu uliyoilipia, na kwenye mawe ya chokaa au matumbawe ya pwani hula jiwe lenyewe.

*Mawe na vifaa.* Ujazo ni mita za ujazo 7, theluthi moja yake mota. Mawe tani 12 hadi 13, agiza 14. Mota mita za ujazo 2.3 hivi kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, yaani mifuko 17 ya kilo 50 na mchanga mita za ujazo 2.5. Msingi wa zege wa upana wa sentimita 80 na unene wa 20 unakula mifuko mingine 7. Jumla ni mifuko 24 ya saruji, ambayo kwenye ukuta mkavu haipo kabisa.

*Fundi.* Mafundi wa kujenga mawe kwa mota wapo kila mji, na huyu unaweza kumpata wiki hii. Usimruhusu apande zaidi ya mita moja kwa siku, mota mbichi ya chini itaminywa itokee usoni. Ukuta umwagiliwe maji siku saba.

*Kuharibika na kurekebishwa.* Ufa unaopanda kama ngazi kwenye mota ya ndani unaashiria msingi umetulia. Unaweza kujaza ufa, huwezi kuurudisha ukuta. Kuvunja sehemu na kujenga upya ni kazi ya nyundo, na mawe mengi hutoka na saruji mgongoni. Kwa wadudu na nyoka, mwanya wa sentimita 4 hauwapi makazi ya maana, na hiyo ndiyo sababu wengi wenye watoto huishia hapa.

Njia ya tatu: mawe ya kubandika

*Kazi yake.* Mawe haya hayashikilii chochote. Anayeshikilia udongo ni ukuta wa nyuma: zege la nondo, au bloku zenye matundu zilizojazwa zege na nondo, juu ya msingi wake. Vipimo vya nondo vitoke kwa mhandisi. Bloku za kawaida zilizopandwa tu zikatiwa udongo mgongoni ni hatari kuliko kitu chochote kilichotajwa hapa. Kama ukuta wako haushikilii udongo, kwa mfano ukuta wa sebule, wa veranda au wa geti ambao tayari upo, njia hii ghafla inakuwa nyepesi kuliko zote.

*Maji.* Adui yuko pande mbili. Unyevu wa udongo hupenya bloku, hubeba chumvi na kuisukuma gundi kutoka nyuma. Kwa hiyo upande wa udongo upakwe lami ya kuzuia maji kabla ya kurudishia kokoto, na mabomba ya kutolea maji yawepo kama kwenye njia ya pili. Juu nako, kwa kuwa mianya haijajazwa, mvua huingia nyuma ya vipande. Funika kichwa cha ukuta kwa mawe mapana yanayochomoza sentimita 3 mbele, yenye mfereji mdogo chini ya ukingo ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani.

*Kivuli na rangi.* Kina cha mwanya hakiwezi kuzidi unene wa kipande, milimita 20 hadi 30. Kinatosha kwa kivuli cha mchana, ila mtu akisogea karibu anaiona lipu ya nyuma ikiwa ya kijivu cheupe. Itie lipu hiyo rangi nyeusi ya kuchanganya ndani ya saruji, usitumie rangi ya ukutani, gundi haishiki juu yake. Changanya vipande vya unene tofauti ili uso uwe na mabonde.

Kinachoisaliti njia hii ni kona. Ukuta wa mawe halisi huonyesha kwenye kona jiwe nene linalozunguka. Huu huonyesha ncha ya biskuti. Tafuta vipande vya kona vilivyochongwa kwa umbo la L, na kama havipatikani, malizia ukuta kwenye nguzo au uuingize ardhini usiwe na kona. Vipande vinavyouzwa vikiwa vimeunganishwa kama kigae vina tatizo lingine: mchoro mmoja unarudi kila sentimita 60, na jicho likishauona haliachi kuuona. Fungua maboksi matano kwa mpigo, geuza nusu juu chini.

Kwa uchaguzi wa rangi, hapa ndipo penye uhuru mkubwa. Mawe ya Mazeras na Galana ya pwani ya Kenya, yenye rangi za krimu, kahawia na wekundu, huuzwa mbali sana na machimbo yake, na tani moja husafiri kwa bei ambayo tani 15 haziwezi. Wauzaji wengine watakushauri upake vanishi. Vanishi hukoza rangi siku ya kwanza, kisha jua huibambua vipande vipande, na ukuta unabaki na mng'ao wa plastiki hadi mtu aikwangue.

*Mawe na vifaa.* Uso na ncha ni mita za mraba 13. Nunua 15 kwa sababu ya kukata. Uzito ni karibu tani moja. Kila mita ya mraba isizidi kilo 70 hivi ikiwa vipande vinashikwa na gundi pekee. Mawe mazito zaidi yanahitaji vishikizo vya chuma kisichoshika kutu. Gundi ya vigae ya nje, kilo 12 hadi 15 kwa mita ya mraba, maana mgongo wa jiwe si tambarare. Na bado hujahesabu ukuta wa nyuma.

*Fundi.* Fundi vigae mzuri ataiweza. Mgongo wa kila kipande usafishwe vumbi la msumeno kwa maji, kisha upakwe gundi pia. Baada ya kubandika vipande vichache vya kwanza, ng'oa kimoja: gundi iwe imefunika mgongo wote. Madonge matano, manne ya pembeni na moja katikati, ndiyo yanayofanya vipande vidondoke.

*Kuharibika na kurekebishwa.* Vidondoko huanza juu na kwenye kona. Gonga kwa mpini wa nyundo mara moja kwa mwaka. Sauti ya tupu inaeleza yote. Kipande kimoja hubadilishwa kwa dakika, mradi uliweka akiba ya boksi moja. Kama ukuta wa nyuma una mwachano wa kuruhusu upanukaji, vipande visiuvuke, vikiuvuka vitapasuka ama vitang'oka.

Uchague kwa hali yako

Kama una mteremko, mawe yako palepale kiwanjani, na umempata fundi ambaye ameshajenga ukuta mkavu unaoweza kwenda kuuona, panga makavu, hasa kwenye makinga ya shamba na ngazi za bustani ambako ukuta kutulia kidogo hakumsumbui mtu. Udongo ukiwa ni ule mweusi unaovimba na kupasuka kwa misimu, ukuta mkavu mfupi utastahimili kuliko mwingine wowote, maana hauna cha kupasuka.

Kwa ukuta wetu wa Mwanza wenyewe, watu wakiwa wanakaa chini yake kila jioni na watoto wakicheza, ningeelekea kwenye saruji iliyofichwa, mradi mabomba yakaguliwe. Ungekuwa upande wa shamba nyuma ya nyumba, jibu langu lingebadilika. Ukuta wa mpaka unaotazama barabara nao uende huku, na kina cha mwanya kipunguzwe hadi sentimita 2 ili mguu usipate pa kukanyaga.

Kama ukuta tayari upo na ni mzima, au kazi iko ndani ya nyumba, au ghorofani ambako tani 15 hazina pa kukaa, bandika. Kama upo lakini umepasuka au unaegemea mbele, usibandike kitu juu yake. Kwanza chimba nyuma uone maji yanakaa wapi.

Na kama mawe unayoyapata ni ya mviringo ya mtoni, sahau ukuta mkavu wa kimo hiki. Hayana nyuso za kukaliana, na hata kwenye mota yanahitaji mota nyingi zaidi, kwa hiyo agiza saruji ya ziada au uyatafutie kazi nyingine uani.